Picha za jicho la bibi: makovu ya vikope, nywele zinazokwaruza jicho, na sababu ya kushauriwa upasuaji mdogo wa kope

Mjukuu wa Pandambili (#1)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninaomba mwongozo kuhusu macho ya bibi yangu mzaa mama, mwenye umri wa miaka 68, anayeishi Pandambili wilayani Kongwa. Kwa muda mrefu amekuwa akitokwa na machozi kila anapotoka juani, na hulalamika kwamba jicho la kulia lina mchanga usiotoka hata akinawa. Hivi karibuni wahudumu wa macho walipita kijijini, wakamwangalia, wakamwambia kwamba ana vikope, yaani trakoma, vilivyofikia hatua ya nywele za kope kugeukia ndani, kisha wakamwandikisha kwa upasuaji mdogo katika kituo cha afya. Bibi amekataa. Anasema anaona vizuri, kwamba shida yake ni kuwashwa tu, na kwamba jirani yake alipasuliwa na nywele zikarudi palepale.

Mdogo wangu amenitumia picha tatu za jicho hilo la kulia, nimeziweka hapa chini. Ya kwanza ilipigwa bibi akitazama mbele. Ya pili ilipigwa kwa karibu huku taa ya simu ikiwaka. Ya tatu ilipigwa wakati mhudumu alipogeuza kope ya juu. Mimi niko Dar es Salaam, na nikiitazama ile ya kwanza sioni unywele hata mmoja unaogusa jicho. Ninauliza mambo mawili: je, picha hizi zinathibitisha walichosema wahudumu, na kwa nini mtu akatwe kope ilhali jicho lenyewe bado linaona?

Mama Watatu (#2)

Pole sana, mwanangu. Msimcheleweshe bibi. Katika picha ya pili ninaona weupe, na mama mkwe wangu alikuwa nao vilevile. Huo ni mtoto wa jicho. Walimtoa, wakamwekea lenzi, na kesho yake bandeji ilipofunguliwa akatutambua wote kwa majina. Mwambieni bibi kwamba baada ya upasuaji huo ataona kama alivyokuwa msichana.

Tabibu wa Kope (#3)

Mimi ni tabibu wa macho, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kusawazisha kope katika wilaya zenye vikope. Nimezikuza picha zote tatu. Nitaanza na ya tatu, kwa sababu ndiyo inayozieleza hizo nyingine.

Kope ya juu ya mtu asiye na ugonjwa ikigeuzwa, upande wake wa ndani huonekana laini, wenye rangi ya waridi, na mishipa myembamba ya damu hushuka wima kuelekea ukingoni. Kwa bibi mishipa hiyo imefunikwa karibu kote. Badala yake kuna mistari myeupe iliyokatizana, na mmoja wao, ulio mnene kuliko mingine, unakwenda sambamba na ukingo wa kope, juu yake kidogo tu. Hayo ni makovu. Hayakuanza mwaka jana. Yalianza alipokuwa mtoto, kwa kuambukizwa vikope mara nyingi, na pengine yaliongezeka alipokuwa mama na kisha bibi, akilala na watoto wadogo ambao wao wenyewe walikuwa na maambukizi. Ndiyo maana hatua hii tunaikuta kwa wanawake zaidi kuliko kwa wanaume.

Kovu likikomaa husinyaa, na hili liko upande wa ndani pekee, kwa kuwa ngozi ya nje ya kope haikuguswa na ugonjwa. Anayefuga ng'ombe ameona jinsi ngozi mbichi isiyowambwa inavyojikunja kuelekea upande unaokauka kwanza, na kope nayo hufanya hivyohivyo: upande wa ndani unakuwa mfupi, ukingo unavutwa, na nywele zilizokuwa zikitazama nje zinaanza kutazama jicho.

Sasa rudi kwenye picha ya kwanza. Ni kweli kwamba huoni unywele unaogusa jicho, lakini tazama nafasi zilizopo. Katika theluthi ya kati ya kope ya juu karibu hakuna nywele, na ukikuza zaidi utaona vijiti vifupi vyeusi vilivyobaki ukingoni. Kope yenye afya haiko hivyo. Ninaamini bibi amekuwa akizing'oa, na alizing'oa siku chache kabla ya kupigwa picha. Mdogo wako amuulize kwa upole kama ana koleo la kung'olea. Sisi, mtu aliyeng'oa nywele karibuni tunamhesabu kuwa mgonjwa sawasawa na yule ambaye nywele zake bado zinaonekana. Aidha, mtu anapotazama mbele, nywele zilizolala juu ya jicho hujificha chini ya kivuli cha kope. Picha nzuri hupigwa kutoka ubavuni, mgonjwa akitazama juu, na mpiga picha akiinua kope kidogo kwa kidole bila kuigeuza.

Mama Watatu, shikamoo. Uzoefu wa mama mkwe wako ni wa kweli, ila huu ni ugonjwa mwingine, na ni muhimu bibi asiahidiwe jambo ambalo upasuaji huu hautalifanya. Katika picha ya pili kuna weupe wa aina mbili. Ile nukta kali iliyo juu ni taa ya simu inayoakisiwa. Chini yake, kuelekea upande wa sikio, kuna ukungu wa kijivu usio na mpaka unaoeleweka. Mtoto wa jicho hukaa nyuma ya mboni, kwa hiyo duara la mboni hubaki na ukingo safi na weupe unaonekana ukiwa ndani ya duara hilo. Ukungu wa bibi uko mbele, kwenye kioo cha jicho, ule utando angavu unaoifunika mboni kwa mbele, na pale unapougusa ukingo wa mboni, ukingo wenyewe unafifia. Kwa bahati njema umegusa sehemu ndogo tu ya chini, na katikati bado ni safi. Hiyo ndiyo sababu anakuambia kwamba anaona.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Unywele mmoja tu, kila mtu anapopepesa, hukwaruza kioo cha jicho, na mtu hupepesa maelfu ya mara kwa siku. Mikwaruzo huruhusu vijidudu kuingia, kidonda hutokea, kidonda hupona kwa kuacha kovu, na kovu la kioo ni jeupe, halipitishi mwanga. Upasuaji wa kope hauondoi weupe uliokwisha kuwapo. Unachofanya ni kuuelekeza ukingo wa kope nje ili nywele ziache kukwaruza, na kwa hiyo manufaa yake makubwa humwendea mtu ambaye bado anaona. Tukisubiri hadi weupe ufunike katikati ya mboni, tutanyoosha kope na maumivu yatapungua, lakini uoni hautarudi. Hata kupandikiza kioo kipya hufanikiwa kwa nadra katika macho haya, kwa sababu machozi ni machache na kope zenyewe zimeharibika.

Mzee wa Kibaigwa (#4)

Tabibu, ninaheshimu utaalamu wako, lakini sisi wa Kongwa tunaujua ugonjwa huu tangu enzi za watafiti waliokuja hapa miaka ya 1980 kupima nzi na kuhesabu nyuso chafu za watoto. Baadaye zikaja dawa za Zithromaksi, watu wakapangwa mstari, wakapimwa urefu kwa fimbo yenye alama, na kila mmoja akameza dozi yake palepale. Wajukuu zangu leo hawana tongotongo. Nilivyoelewa, vikope vimekwisha. Kwa nini bibi huyu asipewe dozi nyingine ya dawa hiyo pamoja na maji ya kunawa, badala ya kukatwa?

Tabibu wa Kope (#5)

Shikamoo, mzee wangu. Uliyoyasema kuhusu watoto ni sahihi, na Kongwa ina haki ya kujivunia, kwa sababu mengi ambayo dunia inayajua kuhusu nzi, kunawa uso na dawa hiyo yalijifunzwa katika vijiji vyenu. Dawa huua bakteria. Maji na vyoo hupunguza njia za kumsambaza, maana nzi anayefuata macho ya watoto hupenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Yote hayo humkinga mjukuu asifike alipofika bibi.

Lakini ndani ya kope ya bibi, kinachovuta ukingo ni kovu, na kovu halina bakteria wa kuuawa. Mtu aliyeambukizwa mara nyingi kabla ya miaka 10 anaweza kuanza kukwaruzwa akiwa na miaka 40 au 60, wakati maambukizi kijijini kwake yalikwisha zamani. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lina vigezo viwili tofauti vya idadi ya wagonjwa kabla ya kuitambua nchi kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii: maambukizi kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9 yawe chini ya asilimia 5, na watu wazima wenye nywele zilizogeukia ndani ambao mfumo wa afya haujawafikia wawe chini ya asilimia 0.2. Kigezo cha pili hakitimizwi kwa vidonge. Malawi, majirani zetu, walitambuliwa mwaka 2022, na bado wanapaswa kuwa na watu wanaoweza kusawazisha kope, kwa sababu waliopata makovu utotoni wanaendelea kuzeeka.

Kuna mahali ambapo dawa unayoitaja huingia katika upasuaji wenyewe. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliopewa dozi moja ya azithromaisini, ndiyo hiyo Zithromaksi, baada ya kupasuliwa walirudiwa na nywele kwa kiasi cha theluthi moja pungufu, ukilinganisha na waliopakwa mafuta ya tetrasaiklini. Dawa huusaidia upasuaji, haiwezi kuwa badala yake.

Mjukuu wa Pandambili (#6)

Ninashukuru sana. Mdogo wangu amemuuliza, na bibi amekiri kwamba analo koleo dogo alilotengenezewa na fundi wa kijijini, na kwamba mjukuu mmoja wa shule ya msingi humng'olea kila anapoanza kuchomwa. Alifanyiwa hivyo siku mbili kabla ya picha. Sasa anasema: ikiwa kung'oa kunampa nafuu, kwa nini asiendelee hivyo? Pia anaogopa kwamba watalifungua jicho. Naomba unieleze kinachofanyika hatua kwa hatua, ili nimsimulie kwa simu bila kumdanganya.

Tabibu wa Kope (#7)

Nafuu anayoipata ni ya kweli, ila ni ya muda mfupi. Nywele hurudi baada ya wiki chache. Tatizo kubwa zaidi ni zile zinazokatika badala ya kung'oka, hasa kwa koleo butu linaloshikwa na mtoto. Kijiti kilichokatika ni kifupi na kigumu, na huchoma kioo kuliko unywele mrefu unaoweza kupinda. Vile vijiti nilivyoviona katika picha ya kwanza ndivyo hivyo.

Kuhusu upasuaji, mwambie bibi kwanza kwamba jicho lenyewe halifunguliwi. Kinachokatwa ni kope. Atapimwa shinikizo la damu, ataulizwa kuhusu dawa anazotumia na kama hutokwa na damu kwa urahisi, kisha atanawishwa uso kwa sabuni. Atalala chali akiwa macho kabisa. Atatiwa matone ya ganzi, halafu sindano ya ganzi kwenye kope. Usimfiche kuhusu sindano hiyo: inauma kwa muda mfupi, na wagonjwa wengi husema kwamba hayo ndiyo maumivu pekee waliyoyapata. Baada ya hapo tunasubiri dakika chache na kujaribu kwa kubana ngozi kabla ya kukata, na akisema anahisi, ganzi huongezwa.

Kope hugeuzwa juu ya kibati maalumu. Kwa njia ninayoitumia mimi, tunakata kutoka upande wa ndani, milimita 3 juu ya ukingo, tukipita kwenye kovu na kwenye ile sahani ngumu inayoipa kope umbo lake, kwa karibu urefu wote wa kope. Ngozi ya nje haikatwi. Kisha kipande cha chini chenye nywele kinazungushwa kutazama nje, na nyuzi tatu hupitishwa na kufungwa ili zikishikilie hapo kinapopona. Kope moja huchukua takriban nusu saa. Jicho hufunikwa hadi kesho yake, halafu atapaka mafuta ya tetrasaiklini kwa muda atakaoelekezwa, na nyuzi za hariri zitatolewa kati ya siku ya 8 na ya 14.

Nyuzi zikiwa bado zipo, ukingo utaonekana umegeuka nje kupita kiasi na kope itavimba. Familia nyingi huogopa hapo na kudhani kwamba mgonjwa ameharibiwa. Tunauacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu kovu jipya linapokomaa litaurudisha ndani kidogo. Kinachopaswa kuwarudisha haraka kituoni ni usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uoni unaoshuka ghafla, au jicho lisiloweza kufumba.

Binti wa Kajiado (#8)

Samahani, nami nina la kusema kuhusu kurudi kwa nywele, kwa sababu jirani wa bibi huyo hakudanganya. Mama yangu alifanyiwa upasuaji huu katika kituo kimoja cha kaunti yetu. Miezi michache ya kwanza alikuwa na raha, akarudi kushona shanga zake, lakini kabla ya mwaka kwisha nywele zilianza kumchoma tena upande wa karibu na pua. Isitoshe, katikati ya kope yake pamebaki pengo, kana kwamba mtu amebonyeza kwa kidole. Alipokuja mhudumu mwingine na kutaka kumpasua mara ya pili, sisi watoto tulikataa. Je, tulikosea? Na je, kuna njia ya kujua mapema kwamba nywele zitarudi?

Tabibu wa Kope (#9)

Pole kwa mama, dada yangu. Kurudi kwa nywele ndiyo udhaifu mkubwa wa upasuaji huu, na anayewaambia wagonjwa kwamba nywele hazirudi kamwe anawavunjia imani. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ethiopia uliohusisha watu 1,000, ukilinganisha njia mbili: ile inayokata tabaka zote za kope pamoja na ngozi, na ile inayokata upande wa ndani peke yake. Baada ya miezi 12, nywele zilikuwa zimerudi kwa asilimia 22 ya waliofanyiwa ya kwanza na asilimia 13 ya waliofanyiwa ya pili. Hata njia bora, mikononi mwa watu waliofunzwa na kusimamiwa, iliacha takriban mgonjwa 1 kati ya 8 akiwa na nywele tena. Hata hivyo, wengi wanaorudiwa huwa na nywele chache kuliko walizokuwa nazo mwanzoni.

Sababu haziko mahali pamoja. Kope yenye makovu mengi hurudiwa na nywele zaidi, kwa kuwa kovu linaendelea kusinyaa hata baada ya kukatwa. Mwanya uliokatwa mfupi, usiofika vizuri kwenye pembe za kope, huacha nywele za pembeni zikitazama jicho, na hilo linaweza kuwa ndilo lililompata mama upande wa pua. Nyuzi zisipokazwa kwa usawa, sehemu moja hugeuka nje kuliko nyingine, na ukingo hupata pengo kama unalolieleza. Mkono wa mpasuaji una uzito mkubwa hapa, na mtu anayefanya kope chache kwa mwaka hupoteza ustadi.

Kuhusu kujua mapema, siku ya kutoa nyuzi ndiyo siku ya kuangalia. Mgonjwa atazame mbele, na ukingo wote uonekane umeachana na jicho. Ukiona unywele unaogusa siku hiyo, kope haikusawazishwa vya kutosha tangu mwanzo, na mhudumu anapaswa kuambiwa hapohapo. Kisha mgonjwa aangaliwe tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Uvimbe mdogo mwekundu unaoota upande wa ndani, kwenye mshono, unaweza kutokea pia, nao huondolewa kwa matone ya ganzi na mkasi katika dakika chache.

Kukataa kwenu mara ya pili kulikuwa na busara fulani, kwa sababu kope iliyokwisha kupasuliwa ni ngumu zaidi na haipaswi kurudiwa na yeyote aliye karibu. Lakini kukataa kusiwe mwisho wa habari. Mpelekeni kwa daktari bingwa wa macho au kwa mpasuaji wa kope anayepokea kesi za marudio. Wakati mkisubiri, nywele zing'olewe na mhudumu mwenye koleo zuri.

Muuguzi Mstaafu (#10)

Nimesoma uzi huu kwa makini, nami ninaongeza jambo moja na kutofautiana na Tabibu katika jingine.

La kuongeza ni kwamba wanafamilia huuliza kama ni halali muuguzi kumpasua mtu kope. Ni halali akiwa amefunzwa na kupimwa, na kwa upasuaji huu kuna hata sanamu ya uso ya kufanyia mazoezi kabla ya kumgusa mgonjwa. Kama tungewasubiri madaktari bingwa, watu wa Longido, Kiteto na Kongwa wangepofuka wakiwa kwenye orodha. Familia ina haki ya kumuuliza mpasuaji ni lini aliwahi kuwaangalia wagonjwa wake mwenyewe baada ya miezi 6. Anayewafuatilia wagonjwa wake hujua makosa yake na hujirekebisha.

Ninapotofautiana ni katika kung'oa. Umekuongelea kama jambo baya lisilo na nafasi. Utafiti mwingine wa Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2011, uliwagawa watu wenye nywele chache, zisizofika 6, wengine wakapasuliwa na wengine wakapewa koleo zuri na mafunzo ya kung'oa nyumbani. Baada ya miaka 2, waliong'oa walikuwa na nywele nyingi zaidi zinazogusa jicho, hilo halina ubishi, lakini uoni wao na hali ya kioo havikutofautiana na vya waliopasuliwa. Kwa mtu mwenye unywele 1 au 2, anayekataa upasuaji, mwenye jamaa anayeona vizuri wa kumng'olea, mimi simlazimishi.

Tabibu wa Kope (#11)

Ninakubali kwamba utafiti huo unasema hivyo, na kwamba koleo lililotolewa lilikuwa la kitaalamu, jambo ambalo ni tofauti kabisa na koleo la bibi. Ninapobaki na shaka ni kwamba miaka 2 ni muda mfupi kwa ugonjwa unaochukua miaka 30, na kwamba jamaa mwenye macho mazuri aliyepo leo huenda kesho ameolewa au amehamia mjini. Kwa jicho la kulia la bibi, hata hivyo, sidhani kama mimi na wewe tunapishana, kwa sababu tayari lina ukungu kwenye kioo.

Muuguzi Mstaafu (#12)

Kwa jicho la kulia hatupishani. Huyo apasuliwe.

Mjukuu wa Pandambili (#13)

Ndugu zangu, ninaleta mrejesho. Nilimsomea bibi kwa simu maelezo ya hatua za upasuaji, na jambo lililombadilisha halikuwa takwimu yoyote. Ni pale aliposikia kwamba jicho halifunguliwi, na kwamba mhudumu angemjaribu kwa kumbana ngozi kabla ya kukata. Alikwenda na mama yangu mdogo. Kituoni shinikizo lake la damu lilikuwa juu, wakamrudisha nyumbani na dawa, naye akakasirika akidhani wamemkataa. Aliporudi lilikuwa limeshuka, akapasuliwa kope ya kulia kwa kukatwa upande wa ndani, akapewa vidonge vya azithromaisini na mafuta ya kupaka.

Kope ilivimba kama mlivyotuonya, na mjomba wangu alitaka kumpeleka kwa mganga wa kienyeji siku ya tatu. Tulimzuia. Nyuzi zilitolewa siku ya 10, na nimeweka picha mpya mbili, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni kama Tabibu alivyoelekeza. Machozi yamepungua sana na anakaa nje mchana bila kujifunika khanga usoni. Uoni wake haujabadilika, na hakutarajia ubadilike.

Limebaki jicho la kushoto. Mhudumu ameona nywele 2 zinazogusa jicho upande wa sikio, kioo ni safi, na makovu ni machache kuliko ya kulia. Amemwachia bibi achague kati ya kupasuliwa na kung'olewa kituoni.

Tabibu wa Kope (#14)

Picha ya ubavuni ni nzuri. Ukingo umeachana na jicho kutoka pembe moja hadi nyingine, na umbo lake ni la mviringo usio na pengo. Tazameni tena sehemu ya upande wa pua kabla ya miezi 6, kwa kuwa ndiko makovu yake yalikuwa mazito.

Kwa jicho la kushoto, mimi ningesawazisha sasa, wakati kope bado ni laini na matokeo huwa bora. Ninajua Muuguzi atasema vingine.

Muuguzi Mstaafu (#15)

Ndiyo, mimi ningesubiri, kwa sharti kwamba kioo ni safi na kituo hakiko mbali. Bibi ana umri wa miaka 68, ametoka kupasuliwa, na shinikizo lake linahitaji kutulia. Ila koleo la fundi liondolewe nyumbani, na yule mtoto asiendelee na kazi hiyo.

Mjukuu wa Pandambili (#16)

Bibi amechagua kung'olewa kituoni, angalau hadi baada ya mavuno. Koleo amelikabidhi kwa mama mdogo. Naomba mnitajie ni dalili gani zitufanye tubadilishe uamuzi huo bila kusubiri mavuno.

Tabibu wa Kope (#17)

Mambo matatu, na moja tu linatosha. La kwanza ni nywele zinazogusa kuongezeka hadi 4 au 5, au kuhama kutoka upande wa sikio kuelekea katikati, mbele ya mboni. La pili ni bibi kuanza tena kukimbia mwanga au kutokwa na machozi kabla ya siku ya kurudi kituoni, maana yake nywele zinarudi haraka kuliko mnavyoweza kuzing'oa. La tatu mtaliangalia kwa simu: pigeni picha ya jicho la kushoto kwa taa kila mwezi, mahali pamoja, bibi akitazama mbele, na mtazame ile nukta ya taa kwenye kioo. Ikiwa na ukingo mkali, kioo ni laini. Ikianza kusambaa au kuvunjika vipande, au mkiona ukungu wowote wa kijivu ambao haukuwapo katika picha ya mwezi uliopita, msisubiri mavuno.